Kutoka Idadi ya Watu Hadi Idadi ya Vyoo: Hesabu za Maulidi ya Watu Elfu Nane, Mombasa

Nikiitwa kwenye kamati ya maandalizi, karatasi ya kwanza ninayoonyeshwa huwa na nambari moja tu: "watu elfu nane". Chini yake mtu amegawanya kwa mia, akapata vyoo themanini, akaona ni vingi mno na gharama haiwezekani, akakata nusu. Hapo mpango wa vyoo umekwisha, na kikao kimehamia kwenye mapambo ya jukwaa.

Kosa la karatasi ile haliko kwenye kugawanya. Liko kwenye kudhani kwamba watu elfu nane ni kitu kimoja. Elfu nane wa siku nzima hawaingii choo kimoja wala hawanywi maji kwa saa moja. Kinachoamua vyoo, mifereji na wahudumu ni saa moja ngumu kuliko zote, na ndani ya saa hiyo, wanawake ni wangapi na wanaume ni wangapi. Kwa mkusanyiko wa Kiislamu hapa Mombasa saa hiyo inajulikana hata kabla ya kuchagua uwanja: ni dakika arubaini na tano kabla ya adhana ya magharibi.

Nitachukua mfano mmoja na kuuhesabu hadi mwisho. Ni Maulidi ya wazi kisiwani, mwezi wa Mfunguo Sita. Milango inafunguliwa saa nane mchana na watu wanaondoka saa nne usiku. Wanawake na wanaume wana pande zao, na wote wanakaa mikekani. Anayepanga krusedi au mkutano wa siasa anaweza kufuata hatua hizi hizi. Atakachobadilisha ni saa ngumu yake.

Kwanza, upate nambari inayoaminika

Usianze na "tunatarajia". Anza na mkeka. Mtu anayeswali anahitaji upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120, yaani karibu mita za mraba 0.72. Pima uwanja kwa tepu, si kwa macho. Wetu wa mfano una mita 95 kwa 65, yaani mita za mraba 6,175. Toa asilimia thelathini ya jukwaa, njia za kupita, mahema na ukingo wa kuvulia viatu. Inabaki mita 4,320 hivi, nazo ni nafasi ya watu 6,000. Hata mabango yakisema nini, watu waliokaa kwa wakati mmoja hawatazidi hao bila kukanyagana. Hicho ndicho kikomo, na mlangoni lazima awepo mtu mwenye amri ya kusema pamejaa.

Kisha tafuta wangapi watapita siku nzima. Njia ninayoiamini ni kwenda kwa wapishi wa mwaka jana na kuuliza masinia mangapi yalitoka. Sinia moja hulisha watu wanne au watano, na wapishi hawana sababu ya kutia chumvi kwenye idadi kama wenye kamati. Ongeza mabasi yaliyokodiwa kutoka Kwale na Kilifi. Kwa mfano wetu tunapata 8,000 wa siku nzima, na 6,000 waliopo kwa pamoja jua likizama.

Sasa zitandaze kwa saa:

| Saa | Waliopo |
|---|---|
| nane mchana | 500 |
| tisa | 1,000 |
| kumi | 2,500 |
| kumi na moja | 3,800 |
| kumi na mbili jioni | 6,000 |
| moja usiku | 5,500 |
| mbili | 5,000 |
| tatu | 4,000 |
| nne | 2,000 |

Safu hii fupi ndiyo mpango wenyewe. Ona kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili: watu 2,200 wameongezeka, na ni saa hiyo hiyo ambapo kila aliyekuwepo tangu mchana anatafuta choo na maji ya udhu. Gawa tena 6,000 hao kwa jinsia. Tuseme wanawake pamoja na watoto wanaoandamana nao ni 3,200, na wanaume 2,800. Kama hujui, usiandike nusu kwa nusu; muulize aliyetandika mikeka mwaka jana upande wa akina mama ulifika wapi.

Vyoo: pima kwa dakika, si kwa mamia

Kuna vigezo vya zamani kutoka Uingereza ambavyo wapangaji wengi duniani wanavitumia. Kwa shughuli ya saa sita au zaidi: choo kimoja kwa wanawake 100, kwa wanaume choo kimoja kwa 500, pamoja na sehemu moja ya kukojolea wima kwa kila 150. Kwa Maulidi yetu vinatoa vyoo 32 vya wanawake, na kwa wanaume vyoo 6 na sehemu 19 za kukojolea wima.

Vigezo hivyo ni pa kuanzia tu. Vilitengenezwa kwa watu wanaotumia karatasi, wanaoenda chooni kwa kutawanyika jioni nzima, na wanaume wasiojali kusimama. Kwetu hakuna hata moja kati ya hayo. Mwanamume mwenye kanzu anayekwenda kuswali hatasimama mahali ambapo mkojo utamrukia. Atasubiri chumba chenye mlango na kopo. Kwa hiyo zile sehemu 19 unaweza kuzifuta kwenye karatasi, na wanaume unabaki umewapa vyoo sita.

Tuhesabu upya. Simama nje ya choo cha msikiti wowote wenye shughuli, ukiwa na saa mkononi. Mwanamke mwenye buibui, anayestanji kwa maji, na mara nyingi ana mtoto, anatumia karibu dakika tatu tangu mlango ufungwe hadi ufungwe na mwingine. Mwanamume karibu dakika mbili. Katika dakika 45, choo kimoja kinahudumia wanawake 15 au wanaume 22.

Ni wangapi watakwenda ndani ya dakika hizo? Mimi huchukua mwanamke mmoja kati ya watano, na mwanamume mmoja kati ya sita, maana wengi wamekuja na udhu wao nyumbani. Wanawake 640 ukiwagawa kwa 15 unapata vyoo 43. Wanaume 467 ukiwagawa kwa 22 unapata 21 au 22. Ongeza viwili vipana, sakafu sawa na ardhi, kwa wenye viti vya magurudumu na wazee. Jumla inafika 67.

Ukiambiwa havipatikani zaidi ya 32 vya wanawake, hesabu ile ile itakuonyesha gharama yake: wanawake 20 kwa kila choo, dakika tatu kila mmoja, ni saa nzima. Wa mwisho anatoka robo saa baada ya adhana, na bado hajatawadha.

Hili niliwahi kulifanya mwenyewe. Shughuli ya ng'ambo, miaka kadhaa nyuma, nilipanga vyoo kwa mamia na nikaridhika. Saa kumi na mbili kasorobo nilikwenda nyuma ya turubai la akina mama. Mama mmoja alikuwa amekunja buibui juu ya magoti, mtoto kiunoni, kopo tupu mkononi. Mbele yake nilihesabu watu ishirini na wawili, kisha nikaacha kuhesabu. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, hii foleni mumeipanga au imejipanga?" Sikuwa na jibu. Adhana ilipoita, nusu ya foleni ilivunjika, wakaenda kujisitiri nyuma ya ukuta wa shule. Kesho yake mwenye shule alituita.

Kuna njia tatu za kupunguza idadi ya kukodi bila kuwadhulumu watu. Ya kwanza ni kuhesabu vyoo vya madrasa, shule na misikiti iliyo karibu, lakini uhesabu tu vile ulivyomwaga ndoo ya maji mwenyewe wiki hiyo vikashuka. Ya pili ni kupata tangazo jukwaani saa kumi na robo, tena saa kumi na moja: "Wanaotaka kujitayarisha, sasa hivi nafasi ipo." Likitolewa na sheikh mwenyewe watu huinuka, likitolewa na mshereheshaji hawainuki. Ya tatu ni kutenga mifereji ya udhu mbali na vyoo. Pale vikiwa pamoja, anayetaka udhu tu anasimama kwenye foleni ya choo kwa kutojua, na foleni inaonekana ndefu mara mbili.

*Tangi la chini linajaa mapema kuliko anavyosema mwenye kukodisha.* Choo cha plastiki cha kawaida kina tangi la lita 200 au zaidi kidogo, na mwenye mali atakuambia linatosha matumizi 200. Ni kweli, kwa karatasi. Anayestanji anamwaga lita moja na nusu hivi humo humo, juu ya mkojo wake. Ukitoa lita 20 za dawa zilizowekwa mwanzo, zinabaki 180. Kwa lita 1.8 kila mtu, tangi limejaa baada ya watu 100. Watu 8,000 wakienda mara moja moja kwenye vyoo 67 ni watu 120 kwa kila choo. Maana yake vyote vitafurika kabla ya isha, na harufu itatangulia.

Kwa hiyo gari la kunyonya maji taka ni sehemu ya hesabu, si huduma ya ziada. Kila choo huchukua dakika tatu hadi nne. Gari moja linahitaji zaidi ya saa tatu kwa vyoo 67, na vyote vikijaa ni lita 13,000, ambazo hazienei kwenye gari la lita 10,000. Kodi magari mawili, yaanze baada ya alasiri na vyoo vilivyotumika zaidi, ambavyo daima ni vile vya karibu na mlango. Acha njia ya gari nyuma ya safu ya vyoo. Nimeshaona safu nzuri iliyoegemezwa ukutani, na bomba la kunyonya halikufika hata choo cha tatu.

Usishawishike kuchimba mashimo ili kuokoa pesa. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa. Kinachoingia shimoni hakichujwi sana kabla ya kufika kwenye kisima cha jirani. Kile kipimo cha mita 30 kutoka kisimani ni cha udongo wa kawaida, na kwenye matumbawe hakikupi usalama wa kutosha.

Mahali pa kuviweka huamuliwa na upepo. Kusi likivuma kutoka kusini-mashariki, kama linavyofanya Aprili hadi Septemba, vyoo vikae kaskazini-magharibi ya uwanja. Kaskazi ikiingia, mpango unageuka. Aliyenakili ramani ya Maulidi ya Januari akaitumia Agosti aliwapa watu wa mstari wa mbele kazi ya kuziba pua.

Maji: mafungu mawili ambayo hayatakiwi kukutana

Mombasa kila mtu anajua kuna maji na kuna maji. Maji matamu ya Mzima na Baricho yanakuja kwa zamu, na maji ya kisima yenye chumvi yapo karibu kila mtaa. Tumia hali hiyo kwa faida yako. Kustanji na kutawadha maji ya kisima yanatosha. Ya kunywa lazima yawe matamu na yametiwa dawa. Matangi yawe mbali, mipira ya kujazia iwe tofauti, na kila tangi liandikwe kwa rangi ubavuni KUNYWA au UDHU, herufi za urefu wa shubiri. Boza lililojaza tangi la udhu lisiguse la kunywa kwa mpira ule ule.

Ya kunywa yahesabu kwa saa na mtu. Juani, kwa joto la unyevu la pwani, ninapanga nusu lita kwa kila mtu kwa saa. Jua likizama ninashuka hadi lita 0.2. Kutoka kwenye ile safu ya juu, mchana una takriban saa-mtu 10,500 na usiku 18,500. Mchana unahitaji lita 5,250 na usiku 3,700. Jumla ni karibu lita 9,000. Boza moja la lita 10,000 linakupa hizo na akiba kidogo. Boza la pili usililipe, lakini mwenyewe awe na simu yako na ajue njia ya kuingilia.

Kupata maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyafikisha mkononi. Saa kumi na moja hadi kumi na mbili watu watataka takriban lita 2,450. Mtu kufika mferejini, kujaza kikombe cha mililita 300 na kupisha kunachukua sekunde 15, kwa hiyo mfereji mmoja unatoa vikombe 240 kwa saa, yaani lita 72. Unahitaji mifereji 34. Weka stendi sita zenye mifereji sita sita, tatu kila upande, na usiziweke zote mlangoni. Vikombe vya kufungwa kwa mnyororo sivitaki: kinywa cha mmoja ni cha elfu sita. Watu waje na chupa, na tangazo la Maulidi liseme hivyo tangu wiki moja kabla.

Dawa. Boza likifika, hata likiwa na karatasi ya kuthibitisha lilikojazwa, pima klorini iliyobaki majini kwa kidonge cha kupimia. Maji yakibadilika kuwa ya waridi, linganisha na kadi. Unataka kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, mferejini, si ndani ya tangi tu. Yasipobadilika rangi, kwa lita 10,000 koroga gramu 31 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 kwenye ndoo ya maji, acha itue, mimina maji ya juu kwenye tangi na usubiri dakika 30, kisha pima tena. Hesabu yake ni hii:

```
10,000 lita × 2 mg = 20,000 mg = 20 g klorini safi
20 g ÷ 0.65 = 31 g za unga
```

Maji yenye uchafu wa macho yanakula dawa. Kipimo kikirudi chini ya 0.2, ongeza nusu ya kiasi hicho na usubiri tena. Ukipata tope chini ya ndoo, lirudishe boza.

Udhu una hesabu yake. Watu wanaotoka chooni kabla ya magharibi ni takriban 1,100, nao lazima watawadhe; ongeza karibu robo yao, 250 hivi, waliotengukwa na udhu bila kwenda chooni. Wanafika 1,350. Kwa dakika moja na nusu kila mtu, mfereji mmoja unahudumia 30 ndani ya dakika 45, kwa hiyo mifereji 45. Kila mtu ukimpa lita tatu ni lita 4,000 kwa wakati huo mmoja, na kwa alasiri na isha ongeza lita 4,000 nyingine kwa jumla. Mtume, swala na salamu zimfikie, alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Lakini mfereji ulioachwa wazi wakati mtu anapaka kichwa hauijui sunna hiyo. Mfereji wa kubonyeza, unaojifunga wenyewe, unaokoa zaidi ya nusu. Kwenye ndoo na makopo maji yanayotumika hupungua zaidi, ila kuna kazi ya kujaza.

Ongeza lita 16,000 za kustanjia, lita mbili kwa kila aingiaye chooni. Jumla ya maji ya kisima ni lita 24,000, ambayo ni matangi mawili ya lita 10,000 na moja la 5,000, yakijazwa usiku uliotangulia. Usitegemee pampu ya siku ya shughuli; umeme ukikatika una kila kitu isipokuwa maji.

Chini ya mifereji ya udhu chimba mtaro wa kutiririshia, wenye kokoto, uende mbali na mikeka. Lita 4,000 zilizomwagika mahali pamoja hugeuka tope ndani ya nusu saa, na tope hilo litaingia mikekani kwa nyayo za watu.

Huduma ya kwanza: nani ataanguka, lini

Mikusanyiko ya kawaida hutoa wagonjwa mmoja au wawili kwa kila watu 1,000. Kwenye joto panga watatu. Kwa 8,000 tarajia 16 hadi 24, wengi wao wakiwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, na nyayo zilizochomwa na kipande cha chupa, kwa sababu watu wako pekupeku. Mmoja au wawili wataenda hospitali.

Wahudumu panga kwa kile kitakachowashughulisha. Mtu mmoja akizimia katikati ya safu anahitaji wanne wa machela, mmoja wa kufungua njia na mmoja wa kumwangalia. Ukiwa na wahudumu sita umebaki bila mtu. Kigezo cha wawili kwa kila elfu, kinachotumika kwa elfu tatu za mwanzo, kinakupa sita. Mimi huweka kumi na wawili kwa mfano huu, nusu wakiwa wanawake, ambao wanakaa upande wa akina mama tangu mwanzo. Mhudumu wa kiume asitegemewe kupita katikati ya wanawake elfu tatu kwa haraka. Vituo viwili: kimoja kila upande, kwenye ukingo, karibu na njia ya gari. Kifupi kabisa: mtu yeyote afikiwe ndani ya dakika nne, kwa mwendo wa kupenya, ambao haufiki mita moja kwa sekunde. Kwa uwanja wa mita 95 hilo linawezekana. Kwa mkusanyiko uliotandaa barabarani, ongeza kituo cha tatu.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba watu wengi huanguka wakati wa kusimama. Wamekaa mikekani saa tatu au nne, damu imetuama miguuni, maji hawajanywa, kisha wote wanainuka pamoja kumswalia Mtume. Dakika mbili baadaye unaona kichwa kimoja kimezama, kisha kingine. Wahudumu wote wawe wamesimama tayari kabla ya hapo, na si wakinywa kahawa. Aliyezimia hivyo kwa kawaida anazinduka akilazwa na miguu ikiinuliwa.

Asiyezinduka vizuri, anayeongea ovyo, mwili wake ukiwa moto, huyo ni kitu kingine. Joto la mwili likipita 40 na akili imevurugika, mpoze kwanza hapo hapo: kivulini, mvue nguo za juu kwa sitara, mwagie maji, mpepee kwa nguvu, kisha ndipo ambulensi. Kumkimbiza akiwa bado moto kwenye msongamano ni kumpotezea dakika muhimu. Hapo yale maji ya udhu yana kazi ya pili. Weka mapipa mawili kila kituo. Na usisahau sukari: wagonjwa wa kisukari waliochelewa kula wanafanana sana na waliochoka tu, hivyo kipimo cha kidole kiwepo mezani.

Ambulensi mbili, si moja, kwa sababu ya kwanza ikiondoka kwenda Hospitali Kuu ya Pwani uwanja unabaki tupu. Zielekee barabarani tayari, na njia yao ya mita nne isifungwe na muuza muhogo. Uwanja ukiwa Likoni, kumbuka kivuko kiko kati yako na hospitali kuu. Hapo unahitaji daktari uwanjani, si wahudumu wa huduma ya kwanza peke yao.

Watu wa zamu: hesabu vituo, usihesabu vichwa

Ukitumia vigezo vya kawaida, msimamizi mmoja kwa watu 250 unapata 24. Mmoja kwa 100 unapata 60. Nambari hizo zote zinakwambia kidogo sana. Andika kila mahali ambapo lazima mtu awe amesimama, kisha ujumlishe.

Milango kwanza. Saa ngumu inaleta watu 2,500 mlangoni, kwa kuwa wengine wanatoka pia. Kukagua mkoba wa mama kunachukua sekunde 12, yaani 300 kwa saa; wanaume sekunde 8, yaani 450. Kwa wanawake 1,300 na wanaume 1,200 unahitaji njia tano za wanawake na tatu za wanaume, watu wawili kila njia: 16.

Kutoka ni suala la upana. Katika mlango wa ardhi sawa, mita moja hupitisha watu 82 kwa dakika. Watu 6,000 kwa dakika nane wanahitaji mita 9.1. Weka milango mitatu ya mita tano, ili mmoja ukizibwa na moto au gari ubaki na mita kumi. Lakini hesabu hiyo haijui viatu. Watu elfu sita wakisimama kutafuta ndala zao kwenye ukingo wa mikeka, mlango wa mita tano unakuwa wa mita moja. Kila mtu apewe mfuko na akae na viatu vyake. Ukingo wa milango uwe mtupu kabisa.

Kwa mfano wetu: milango ya kuingilia 16, ya kutokea 12, njia za katikati 12, vyoo 14 (wanane wa kusafisha na kujaza makopo, sita wa kuongoza foleni), maji 10, watoto waliopotea 3, barabara na maegesho 8, meza ya uratibu 4. Jumla 79.

Sasa kumbuka nao ni Waislamu. Adhana ikiita, saa ngumu kuliko zote, nusu yao wanatoka kituoni bila kukuaga. Sijawahi kuona ratiba ya kamati iliyolihesabu hilo. Ongeza robo, ufike takriban 100, na ugawe mapema nani anaswali na jamaa ya kwanza na nani ya pili, kwa majina na imamu wao wa pili akijulikana. Wasimamizi wa vyoo vya akina mama wawe wa jamaa ya pili wote.

Siku yenyewe

Mtu mmoja asiye na kazi nyingine apite kila nusu saa na daftari. Anaandika vitu vitatu: dakika anazosubiri wa mwisho kwenye foleni ndefu zaidi ya choo cha wanawake, kina cha maji kwenye kila tangi kwa kijiti chenye alama, na waliohudumiwa na huduma ya kwanza. Ili kupima foleni, mkabidhi wa mwisho kibao cha rangi na uone anafika nacho mlangoni saa ngapi.

Mambo haya yakatwe uamuzi kabla ya siku. Kibao kikichukua zaidi ya dakika kumi na tano kabla ya saa kumi na moja, vyoo sita vya wanaume vilivyo mpakani vinageuzwa vya wanawake, vibao vya mlangoni vikiwa vimeandikwa pande mbili tangu asubuhi. Saa kumi na moja tangi la kunywa likiwa chini ya nusu, boza la pili linapigiwa simu, maana msongamano wa jioni utaliweka saa nzima njiani. Waliopo wakipita 3,800 saa hiyo hiyo, wa mlangoni wanaanza kuhesabu mia mia na kuripoti, na wakifika 6,000 wanafunga, hata kama mgeni rasmi bado yuko kwenye gari.

Usiku watu wakishaondoka, daftari lijazwe kabla ya mahema kushushwa: masinia yaliyotoka, vyoo vilivyofurika na vya upande gani, na lita zilizobaki kwenye kila tangi, zikipimwa kwa kijiti kabla vijana hawajamwagilia miti.